Kutoka Getini kwa Rivasi: Nani Aangalie, Nani Awajibike

Asubuhi, kabla ya saa 1, mageti hufunguliwa Nyankumbu na Kalangalala mjini Geita, hufunguliwa Katoro, na hufunguliwa Kambarage na Ngokolo mjini Shinyanga. Magari mengi hutoka yakitanguliza mkia. Sababu si ngumu kuijua. Jana jioni dereva alirejea amechoka, akaingiza gari kwa pua kama lilivyokuja, akafunga geti, akaenda kula. Kazi aliyoikwepa jioni, ya kurudi nyuma, inamngoja asubuhi, na sasa haifanyiki uani penye utulivu bali barabarani, wakati wanafunzi wanakwenda shule, baiskeli zinabeba abiria na bodaboda zinawahi wateja.

Mgongano ukitokea hapo, utetezi husikika kwa maneno yaleyale: «Nilikuwa narudi taratibu, yeye ndiye aliyekuja kasi.» Maneno hayo yanaweza kuwa kweli tupu na bado yasimwokoe aliyeyasema. Somo hili linaeleza kwa nini, na linaonyesha hatua ambazo dereva huziruka anapopiga rivasi kutoka uani kwenda barabarani.

Aliye barabarani ana haki ya kupita

Anayetoka kwenye eneo la nyumba, duka, gereji au kituo cha mafuta na kuingia barabarani ndiye anayemsubiri aliyemo barabarani. Aliye barabarani anaendelea na safari yake. Anayetoka uani ndiye anayeibadili hali ya barabara. Kwa hiyo mzigo wa kuhakikisha njia ni salama uko juu ya yule anayeleta badiliko. Mzigo huo huwa mzito zaidi anapotoka kwa nyuma, kwa kuwa amechagua kuingia mahali pa watu wengine akiwa amewapa kisogo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ndiyo sheria kuu ya barabara nchini, inafanya kuwa kosa kuendesha gari bila uangalifu na tahadhari inayostahili, au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Inafanya pia kuwa kosa kubwa zaidi kuendesha kwa uzembe au kwa namna ya hatari, na adhabu inapanda pale mtu anapojeruhiwa au kufa. Anayerudi nyuma taratibu bila kuona anakokwenda hana kinga katika maneno hayo. Polepole si sawa na uangalifu. Gari linalokwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye linaweza kumkanyaga mtoto, na dereva asihisi zaidi ya kutikisika kidogo.

Nchi nyingine zimeliandika jambo hili waziwazi zaidi. Mwongozo wa barabara wa Uingereza, katika kanuni ya 201, unamkataza dereva kurudi nyuma kutoka barabara ndogo kuingia barabara kuu, na unamwelekeza, anapotumia njia ya nyumbani, aingie kwa nyuma na kutoka kwa mbele kila inapowezekana. Wakazi wa ukanda wa dhahabu hawahitaji kwenda Uingereza kuliona hilo. Katika migodi mikubwa mingi duniani magari huegeshwa pua ikitazama njia ya kutokea, na kabla ya kurudi nyuma dereva hupiga honi mara 3, tofauti na mara 1 ya kuwasha na mara 2 ya kwenda mbele. Inashangaza kidogo kwamba mtu aliyezoea nidhamu hiyo kazini kwa saa nyingi hurejea nyumbani, akaingiza gari lake kwa pua, na asubuhi akatoka kwa kubahatisha.

Kile ambacho dereva haoni

Chukuliwe pikapu ya kawaida yenye bodi wazi. Macho ya dereva yako kama mita 1.55 juu ya ardhi. Ukingo wa juu wa mlango wa nyuma wa bodi uko kama mita 1.1, na umbali kutoka macho ya dereva hadi ukingo huo ni kama mita 3. Mstari wa macho unaopita juu ya ukingo huo unashuka sentimita 15 kwa kila mita 1. Maana yake ni kwamba dereva huanza kuiona ardhi ikiwa zaidi ya mita 7 nyuma ya gari. Mtoto mwenye urefu wa sentimita 80, ambaye ndiyo kwanza amejua kutembea, hatamwona kabisa akiwa ndani ya mita 2 za nyuma ya gari. Hata unywele wake hautaonekana kupitia kioo cha nyuma.

Sasa pikapu hiyo ipakiwe magunia ya mchele mpaka mzigo ufike mita 1.4 kutoka ardhini. Mstari wa macho sasa unashuka sentimita 5 tu kwa kila mita. Mtoto yuleyule atafichika mpaka awe mita 12 nyuma ya gari. Mzigo wa sentimita 30 umeongeza eneo la giza kutoka mita 2 hadi mita 12. Mzigo ukifika usawa wa macho ya dereva, kioo cha ndani hakina kazi tena, na kilichobaki ni vioo vya pembeni, ambavyo huonyesha ubavu wa gari na si kile kilicho katikati ya mkia wake.

Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza hufanyika kwa miguu. Dereva anazunguka gari lote kabla ya kupanda, anatazama chini na nyuma, anahakikisha watoto wa nyumbani wako mahali anapopajua, kisha anapanda na kuondoka papo hapo. Akizunguka halafu akakaa ndani akisoma ujumbe wa simu kwa dakika 3, ukaguzi wake umekwisha nguvu, maana mtoto au kuku anayemfukuza hahitaji dakika 3. Lililo bora katika nyumba yenye watoto ni mtu mzima mmoja kuwashika mkono au kuwaweka barazani, aonekane na dereva, mpaka gari litoke getini.

Magari mengi yaliyotumika Japani huja na misaada ambayo wenye magari huiacha bila matumizi. Baadhi ya magari ya familia yana kioo kidogo kilichofungwa juu ya kioo cha mlango wa nyuma. Kupitia kioo cha ndani, dereva akikitazama, huona kile kilicho karibu kabisa na bampa. Wengine hukipaka rangi au kukibandika stika, kana kwamba ni pambo. Kamera ya nyuma nayo husaidia kuona kilicho chini, lakini vumbi la barabara zetu hulifunika jicho lake kwa safari 1 tu ya Katoro hadi machimboni, kwa hiyo hufutwa kila asubuhi pamoja na vioo. Tena kamera hutazama nyuma moja kwa moja. Haimwonyeshi dereva bodaboda inayokuja kutoka ubavuni ikiwa bado mita 50, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Upande ambao gari la kwanza hutokea

Mkazi akisimama getini kwake akitazama barabara, vyombo vya njia iliyo karibu naye hutokea mkono wake wa kulia, kwa sababu nchini tunapita kushoto. Lakini dereva anayetoka kwa nyuma ameipa barabara mgongo na uso ameuelekeza nyumbani. Mkono uleule sasa ni wa kushoto kwake. Gari lake lina usukani upande wa kulia. Hivyo chombo kitakachomfikia mapema kuliko vyote kinatoka upande ulio mbali na kiti chake, upande wenye nguzo nene ya nyuma ya gari, viti, vichwa vya abiria na pengine nguo zilizotundikwa dirishani.

Kuna desturi iliyoenea ya dereva kufungua dirisha lake, kutoa kichwa nje upande wa kulia, na kurudi nyuma akiwa anatazama hivyo. Anaonekana mwangalifu sana, naye mwenyewe anajiona mwangalifu. Kwa hakika anatazama njia ya mbali, ile ya upande wa pili wa barabara, wakati mkia wa gari lake unaingia kwanza katika njia ya karibu ambayo hakuiona. Dirisha la kulia linafaa kwa kuupima mwimo wa geti na ukingo wa kalavati. Kwa barabara halitoshi. Dereva anapaswa kugeuka kiwiliwili chote upande wa kushoto, atazame kupitia vioo vya nyuma na vya ubavuni kwa macho yake, kisha arudi kulia, kisha kushoto tena, gari likiwa limesimama. Akianza kusogea anaendelea kugeuza kichwa, na shingo ikichoka anakanyaga breki.

Jambo jingine ni mahali macho yanapofika. Ukuta wa matofali ukiwa umejengwa hadi ukingoni mwa barabara, dereva wa pikapu iliyotajwa hataona barabara mpaka macho yake yafike usawa wa ukuta. Wakati huo mita 3 za gari tayari ziko nje. Mahali ambapo ukingo wa lami uko mita 2 tu kutoka ukutani, mkia uko mita 1 ndani ya njia ya watu kabla dereva hajaona chochote. Hapo hakuna ustadi unaoweza kumsaidia. Anahitaji mtu wa kumwongoza, au anahitaji kutoka kwa mbele.

Hesabu ya sekunde

Kurudi nyuma kutoka getini, kukata kona, kusimama, kubadili gia na kuanza kwenda mbele kunachukua sekunde 8 hivi kwa dereva asiye na papara. Katika makazi, kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na gari la mwendo huo hupita karibu mita 14 kila sekunde 1. Kwa sekunde 8 litakuwa limekwenda mita 112. Kwa hiyo dereva anayetoka kwa rivasi anahitaji kuona barabara tupu kwa zaidi ya mita 110, urefu unaozidi ule wa uwanja wa mpira. Anayetoka kwa mbele na kushika njia ya karibu anahitaji sekunde 3 au 4 kuingia na kuanza kuchukua mwendo, na anaona pande zote mbili.

Zipo barabara ambazo mita 110 hazipatikani: kwenye kona, penye kilima, penye maduka yaliyosogea barabarani, au penye uzio wa minyaa ulioachwa ukakua hadi kimo cha mtu. Mwenye geti mahali kama hapo asijidanganye kwamba anatoka salama kwa sababu hajawahi kugonga. Wengine wamekuwa wakimkwepa.

Na anayekuja barabarani, je, anaweza kusimama? Akiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, atatumia kama mita 21 kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha mita 16 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla mita 37. Akiwa na kilomita 80 kwa saa, jumla inapita mita 70. Mkia wa gari ukichomoza akiwa mita 25, hata yule anayefuata kikomo hawezi kusimama. Hesabu hii ndiyo inayovunja ule utetezi wa «alikuja kasi»: mara nyingi hata asingekuja kasi, angegonga.

Kuongozwa na mtu

Tandiboi, kijana wa nyumbani au jirani anaweza kuwa macho ya dereva, lakini si kila anayepunga mkono anaongoza. Mwongozaji husimama ukingoni mwa barabara, upande wa kushoto wa dereva, mahali anapoona barabara mbali na anapoonekana kwenye kioo cha pembeni. Hasimami nyuma ya gari kamwe, wala kati ya gari na nguzo ya geti. Waongozaji hawawi wawili. Mmoja akisema «njoo» na mwingine akisema «simama», dereva hulisikia lile analolitaka. Dereva akimpoteza mwongozaji kwenye kioo, anasimama mpaka amwone tena.

Mwongozaji anaangalia nafasi, hana mamlaka ya kusimamisha magari. Ataomba kwa mkono, na mwenye gari anaweza kukubali au kukataa. Wala kazi yake haihamishi wajibu. Dereva akigonga kwa sababu aliambiwa «twende», dereva ndiye aliyegonga. Mwongozaji mzembe anaweza kubeba sehemu ya lawama katika madai, lakini mkono ulioshika usukani haujaondolewa humo.

Hali ni hiyohiyo pale gari jingine linaposimama na kuwasha taa kuashiria «pita». Aliyesimama ametoa nafasi yake tu. Hawezi kuitoa nafasi ya bodaboda inayompita ubavuni, na ajali nyingi za aina hii huzaliwa na ukarimu wa namna hiyo.

Tukio la mfano

Lifuatalo limetungwa kwa ajili ya somo. Ni saa 1 na nusu usiku katika mtaa wenye barabara ya lami mjini Katoro. Pikapu iliyobeba magunia inatoka kwa nyuma kwenye uwanja wa ghala. Taa nyeupe za rivasi zinawaka, indiketa ya kushoto inawaka. Tandiboi amesimama upande wa kulia wa gari, karibu na dirisha la dereva, anapiga bodi na kusema «njoo, njoo». Bodaboda yenye abiria mmoja inatokea njia ya karibu, taa ya mbele haiwaki, inagonga pembe ya nyuma kushoto ya pikapu. Mwendesha bodaboda anavunjika mguu. Abiria anaumia bega.

Askari wa usalama barabarani akifika hataanza na maneno ya wahusika bali na alama. Vioo vilivyovunjika na udongo ulioanguka kutoka chini ya gari huonyesha mahali pa mgongano. Kama viko ndani ya njia ya karibu, mita 1 na nusu kutoka ukingo wa lami, basi pikapu ndiyo iliyoingia njiani. Pembe ya nyuma kushoto iliyobonyea inathibitisha kwamba gari lilikuwa bado linakata kona. Gia iliyobaki kwenye rivasi ni ushahidi pia. Alama ndefu ya breki ya pikipiki ingeashiria mwendo mkubwa. Kutokuwepo kwa alama yoyote kungeashiria kwamba mwendeshaji hakuiona pikapu mapema, au hakuwa na muda.

Hapo yanazaliwa maswali 3 ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la jinai: nani ametenda kosa? Dereva wa pikapu anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu na kusababisha majeraha. Mwendesha bodaboda naye anaweza kushtakiwa kwa kuendesha usiku bila taa. Kosa la mmoja halifuti la mwingine.

La pili ni la fidia. Sheria ya Tanzania inairuhusu mahakama kuigawa lawama na kupunguza fidia ya aliyechangia kuumia kwake. Tuseme hasara ya mwendesha bodaboda, yaani matibabu, pikipiki na kipato kilichopotea, inafika shilingi 8,000,000, na mahakama ikaona kwamba kukosa taa kulichangia robo ya ajali. Atapata shilingi 6,000,000. Kukosa taa kumempunguzia fidia, hakukumwondoa dereva wa pikapu kwenye wajibu wake. Abiria hakuendesha chochote wala hakuna alichochangia katika mgongano. Fidia yake haipunguzwi kwa makosa ya aliyembeba. Anaweza kudai kutoka kwa wote wawili, nao watajuana jinsi ya kugawana mzigo. Kama dereva aliajiriwa na alikuwa kazini, mwenye pikapu anawajibika pamoja naye. Madai ya namna hii yana muda wake: miaka 3 tangu siku ya tukio. Familia nyingi huupoteza muda huo kwenye vikao vya kupatana visivyokwisha.

Swali la tatu ni la bima, na jibu lake halifuati hasira za barabarani. Bima ya lazima, ile watu waiitayo bima ndogo, ipo kwa ajili ya aliyeumizwa na gari, si kwa ajili ya gari lenyewe. Mwenye pikapu mwenye bima hiyo atajitengenezea bampa yake. Akitaka gari lake nalo litengenezwe, anahitaji bima kubwa. Pia mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mwenye gari kukiri deni au kuahidi malipo kabla ya kampuni kuarifiwa. Kumpeleka majeruhi hospitali na kumlipia matibabu ya dharura ni utu. Kuandika karatasi ya «mimi nitalipa vyote» palepale barabarani ni jambo jingine.

Mambo machache yakibadilika, jibu hubadilika. Kama pikapu ilikwisha kutoka, ikanyooka katika njia yake, ikaanza kwenda mbele na kufika mita 60 kutoka getini, kisha bodaboda ikaigonga nyuma, tukio hilo si la rivasi tena. Aliyegonga nyuma ndiye atakayeulizwa kwanza. Kama bodaboda ilikuwa inapita upande usio wake, lawama yake inaongezeka, ingawa dereva bado ataulizwa kwa nini hakutazama upande huo, maana kila mkazi anajua kwamba bodaboda na baiskeli hupita pande zote. Kama magari 2 yametoka kwa nyuma kutoka mageti yanayotazamana yakagongana katikati, hakuna kati yao aliyekuwa na haki ya kupita, na lawama kwa kawaida hugawanywa. Na kama aliyekuwa kwenye usukani ni kijana wa kuosha magari asiye na leseni, aliyeambiwa «sogeza tu gari nje», mwenye gari ameingia katika matatizo 2 kwa mpigo: amemruhusu asiye na leseni kuendesha barabarani, na bima yake inaweza kumgeukia imdai ilicholipa.

Baada ya mgongano dereva anasimama, anasaidia, anatoa jina lake na la mwenye gari, na anatoa taarifa polisi. Majeruhi hupewa fomu namba 3 ya polisi, PF3, kwa ajili ya matibabu na ushahidi; wa hali mbaya huwahishwa hospitali kwanza, fomu ikafuata. Picha za simu zipigwe kabla gari halijasogezwa: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha geti, ukingo wa lami na pembe ya gari.

Geti na uwanja

Sehemu kubwa ya tatizo hili hujengwa kwa matofali. Anayejenga sasa anaweza kulirudisha geti ndani mita 5 au 6 kutoka mstari wa ukuta wa mbele, ili gari lisimame mbele ya geti bila mkia kuwa barabarani, na kuta za pande mbili zikakatwa mshazari badala ya pembe kali. Ndani ya uwanja, kipande cha mita 3 kwa mita 6 kando ya njia ya gari, kikiachwa bila mti wala tangi la maji, kinatosha gari dogo kuingiza mkia na kugeuka. Ni nafasi ya banda la kuku. Kuingia kwa nyuma jioni kunawezekana hata pasipo nafasi hiyo: dereva anapita geti lake kidogo, anawasha indiketa, anasubiri barabara itulie, anaingiza mkia getini huku akiwaona wanaokuja. Uani mwake hakuna bodaboda, ila watoto, na hao ataletewa habari yao na mtu aliyefungua geti.

Uzio wa minyaa karibu na geti ukatwe usizidi mita 1. Kwa barabara kuu na za mkoa, zinazosimamiwa na TANROADS, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukuta, kibanda au njia ya kuingilia humo si jambo la mwenye kiwanja kuamua peke yake. Barabara za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mkazi ambaye geti lake limezibwa na kibanda, rundo la mchanga au maegesho ya bodaboda apeleke taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, akitaja jina la barabara na upande ambao haonekani. Kalavati la getini lililovunjika liingizwe katika taarifa hiyohiyo, kwa sababu dereva anayekwepa shimo hutazama gurudumu lake, hatazami barabara.